Mtoto akijikuna tupu ya nyuma usiku: kwa nini nyumba nzima hunywa dawa siku moja

Mtoto hulala saa mbili usiku akiwa mzima. Ikifika saa nne au saa tano huanza kujigaragaza, mkono umeingia ndani ya chupi, analia na macho bado yamefumba. Asubuhi ukimuuliza hakumbuki kitu. Mchana anacheza barazani kama kawaida, na usiku yale yale hurudi. Kwa kuwa panapowasha ni mahali pa siri, jambo hili husemwa kwa kunong'ona, na mama huishia kununua kidonge kimoja cha minyoo kwa mtoto mmoja. Kuwashwa hutulia. Baada ya wiki tano au sita kumerudi, na sasa lawama ni za dawa, eti ni bandia. Mara nyingi dawa haina kosa lolote. Aliyenyweshwa ni yule anayelia tu, na alinyweshwa mara moja tu.

Mnyoo mwenyewe na saa zake

Huyu ni mnyoo mdogo mweupe, mwembamba kama kipande cha uzi wa kushonea, na ndiyo maana wengi humwita mnyoo uzi. Jike hufika kiasi cha milimita 8 hadi 13, na mkia wake umechongoka kama ncha ya pini. Dume ni mdogo zaidi na ni nadra kumwona. Wanaishi mwanzoni mwa utumbo mpana. Hawanyonyi damu kama safura, na ndiyo sababu mtoto mwenye minyoo uzi aghlabu huwa amenawiri, anakula na anacheza.

Jike akijaa mayai hayatagi ndani ya utumbo. Husubiri mtu alale, mwili utulie, kisha hutambaa hadi nje ya tupu ya nyuma na kuyaacha kwenye mikunjo ya ngozi, maelfu kwa usiku mmoja, yakiwa yamegandishwa kwa ute unaonata. Akimaliza hufa. Kutambaa kwake pamoja na ute huo ndivyo vinavyoleta mwasho, na ndiyo maana mwasho una saa zake. Mtoto anayewashwa mchana kutwa na usiku kucha kwa kiwango kile kile yafaa atazamwe kwa jambo jingine.

Yai la mnyoo huyu halihitaji udongo, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Yai la chango, yule mnyoo mkubwa wa duara, hukaa mchangani wiki kadhaa kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Yai la mnyoo uzi hukomaa palepale kwenye ngozi kwa muda wa saa nne hadi sita tu. Lililotagwa saa tano za usiku liko tayari kumezwa kabla ya chai ya asubuhi. Kwa hiyo kumkataza mtoto asitembee miguu mitupu au asichezee mchanga wa ufuoni hakuzuii chochote hapa, japo kunasaidia kwa minyoo mingine. Sukari na halua hazizai minyoo. Na paka wa mitaani na punda, ambao Lamu hawakosekani katika kila kichochoro, hawana hatia: mnyoo huyu huishi kwa binadamu tu.

Hakikisha kwanza

Njia rahisi ni kutazama kwa macho. Subiri saa mbili au tatu baada ya mtoto kulala, mlaze kifudifudi, tenganisha makalio polepole na umulike kwa tochi ya simu. Ukiona kiuzi cheupe kinachojikunja na kujinyoosha, umeshapata jibu. Rudia usiku mbili tatu, kwani jike hatoki kila usiku. Wakati mwingine mnyoo huonekana juu ya choo au kwenye chupi asubuhi.

Usipoona kitu, na mwasho bado una saa zile zile, fanya kipimo cha selotepu. Chukua selotepu inayopitisha mwanga, siyo ile nyeupe yenye ukungu, kwani chini ya hadubini haionyeshi vizuri. Kata kipande cha urefu wa kidole, kizungushe kwenye mgongo wa kijiko upande wa gundi ukiwa nje. Asubuhi, mara tu mtoto anapoamka, kabla hajaenda chooni na kabla hajatawadha, bonyeza gundi hiyo kwenye ngozi kuzunguka tupu ya nyuma, kulia na kushoto. Kisha ibandike kwenye kioo kidogo cha maabara, au kama huna, ndani ya mfuko safi wa plastiki unaoona, upeleke. Osha mikono yako na kijiko hicho kwa sabuni.

Neno "kabla" ndilo lenye uzito hapo. Katika nyumba za Pwani mtoto akitoka chooni hutawadha kwa maji, na maji hayo huondoa mayai ambayo selotepu ingeyanasa. Kipimo cha asubuhi moja hukosa karibu nusu ya walio na minyoo. Asubuhi tatu mfululizo hupata takriban tisa katika kila kumi. Kupima choo kikubwa kwa ajili ya mnyoo huyu ni karibu kupoteza nauli, kwani mayai yako kwenye ngozi, hayamo ndani ya choo. Karatasi ya maabara ikisema hakuna minyoo, na kilichopimwa ni choo peke yake, usiitegemee.

Tofautisha pia na mambo mengine. Ugonjwa wa upele, ule unaokaa kati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, nao huwasha usiku na huambukiza nyumba nzima, lakini mtoto hujikuna mwili mzima na vipele vinaonekana. Ngozi nyekundu sana iliyozunguka tundu kama pete, yenye maumivu mtoto akienda haja, huenda ni bakteria na inahitaji dawa nyingine kabisa. Vipande vyeupe bapa kama punje za wali ni vya tegu. Kwa mtoto wa kike, minyoo uzi inaweza kutambaa hadi tupu ya mbele, ikaleta mwasho, uchafu mwepesi au maumivu ya kukojoa, na wengine huanza kukojoa kitandani. Usimgombeze.

Mayai yanavyozunguka nyumbani

Mtoto akijikuna, mayai huingia chini ya kucha. Akiamka huweka kidole mdomoni, na duara limekamilika: yai huanguliwa tumboni, na baada ya kiasi cha mwezi mmoja majike wapya wanatoka kutaga. Hapo mtoto amejiambukiza mwenyewe. Lakini mayai hayo ni madogo kiasi kwamba jicho haliyaoni, ni mepesi, na yananata. Huachwa kwenye shuka, kwenye leso ya mama iliyomfunika, kwenye mto, kwenye kata ya chooni, kwenye kipande cha mkate alichopewa kaka yake. Ukikung'uta shuka chumbani, mengine huruka na kutua juu ya chakula au kuvutwa puani na kumezwa.

Wengi huona kwamba desturi yetu ya mkono wa kushoto kutawadhia na wa kulia kulia inatosha kuwalinda. Mtu mzima aliye macho, ndiyo, inamsaidia sana. Mtoto aliyelala hachagui mkono. Hujikuna kwa ule ulio karibu, na asubuhi anaingiza wa kulia kwenye sinia moja na wenzake. Tena anayemtawadhisha mtoto ni mama, nyanya au dada mkubwa, na ndiye huyo huyo anayekanda unga wa mahamri baadaye. Mtoto mdogo hulala kitanda kimoja na ndugu zake au na nyanya. Katika chuo cha Kurani hukaa bega kwa bega kwenye mkeka mmoja. Hakuna ukuta kati ya hawa watu.

Joto kavu na jua kali huua mayai upesi. Penye unyevu na kivuli huweza kuishi wiki mbili hadi tatu. Sasa fikiria nyumba ya mawe ya Mkomani au Langoni, Lamu: kuta nene, vyumba virefu vyenye giza, hewa ya bahari. Ni raha kulala, na ni raha kwa mayai pia.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba watu wengi wenye mnyoo huyu hawawashwi, hasa watu wazima. Nyanya anaweza kuwa nao bila kuhisi lolote. Kaka wa miaka tisa anaweza kuwashwa na kuona haya kusema. Ukimtibu yule anayelia peke yake, unamsafisha kisha unamrudisha kitandani kwa mtu ambaye bado anataga. Kuuliza "nani mwingine anawashwa?" hakukupi orodha ya wanaohitaji dawa. Orodha ni kila anayelala ndani ya nyumba hiyo, pamoja na msaidizi wa kazi na mjomba aliyekuja kutoka Matondoni kukaa mwezi.

Dawa: nani, kiasi gani, lini

Dawa inayopatikana kwa urahisi ni albendazoli. Kiasi cha mtu mzima na cha mtoto wa miaka miwili kwenda juu ni kile kile, miligramu 400 kwa mara moja. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu, miligramu 200. Mebendazoli nayo hufaa: miligramu 100 mara moja, mkubwa na mtoto aliyetimiza miaka miwili sawasawa. Kidonge hutafunwa. Kwa mtoto mdogo kisage na ukichanganye na maji kidogo, na usimzibe pua ili ameze kwa nguvu, maana atapaliwa.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi dawa hii nyumbani. Mpeleke kwa muuguzi. Mwanamke mwenye mimba, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, asinywe, na ambaye hana hakika kama ana mimba ahesabu siku zake kwanza. Yeye hubaki kwenye usafi peke yake na huulizia kliniki ya wajawazito. Anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa ini, naye aulize kabla.

Dawa huua minyoo, haiui mayai. Yai lililomezwa siku ile ile ya dawa litaanguliwa baadaye likiwa salama. Ndiyo sababu ya dozi ya pili baada ya siku 14: wakati huo mayai yaliyobaki yameshaanguliwa, na minyoo iliyotoka humo bado ni michanga, haijafikia kutaga, kwani huhitaji kama mwezi. Ukitoa dozi ya pili baada ya siku nne, mayai mengine bado hayajamezwa. Ukingoja wiki sita, majike wameshatoka na kitanda kimejaa upya.

Tuchukue nyumba moja ya watu saba. Kuna nyanya, baba, mama mwenye mimba ya miezi miwili, msaidizi wa miaka 20, mtoto wa miaka 9, mtoto wa miaka 5 ambaye ndiye anayewashwa, na mdogo wao wa miezi 18. Nyanya, baba, msaidizi na watoto wawili wakubwa ni watu watano, kila mmoja kidonge kimoja cha miligramu 400. Mdogo ni nusu kidonge. Mama hanywi. Hiyo ni vidonge vitano na nusu kwa awamu moja, vidonge 11 kwa awamu mbili. Nunua vyote 11 siku moja na uweke vile vya awamu ya pili mahali pa juu pasipofikiwa na watoto, maana ukisema utarudi dukani baada ya wiki mbili, mwasho utakuwa umekwisha na fedha imepata kazi nyingine. Nusu ya kidonge cha mdogo iliyobaki ifunge kwenye karatasi yake na uiandike, isije ikachanganywa.

Wote wanywe jioni moja. Tuseme ni Ijumaa baada ya chakula cha usiku. Awamu ya pili ni Ijumaa ya tatu, yaani siku ya 15 ukihesabu ya kwanza kama siku ya 1. Iandike ukutani au kwenye simu. Kama baba yuko baharini usiku ule, sogezeni siku hadi arudi, maana kumwacha yeye nje ya hesabu kunaharibu kazi ya wengine wote.

Asubuhi ya Jumamosi

Usafi huu unaanza asubuhi iliyofuata usiku wa dawa, kwa sababu mayai ya usiku ule bado yako juu ya ngozi na shuka. Amka mapema, kabla watoto hawajatawanyika. Kila mmoja aoge kwa maji ya kumwagiwa kwa kopo, mwili wote, na asafishwe vizuri nyuma kwa sabuni. Usiwakalishe wawili ndani ya beseni moja, wala mtoto asikae kwenye maji yaliyooshewa mwenzake, kwani mayai huelea humo. Kuoga jioni ni kuzuri kwa joto letu, lakini mayai ya usiku huondolewa asubuhi. Mahali ambapo maji ya kisima ni ya chumvi na sabuni haitoi povu, sugua mikono kwa muda mrefu zaidi, na weka mtungi mdogo wa maji yasiyo ya chumvi kwa ajili ya kunawa.

Kisha kata kucha za kila mtu hadi karibu na nyama na uzitupe kwenye takataka. Chupi, shuka, leso za kulalia na foronya zikunjwe polepole kuelekea ndani, zisikung'utwe chumbani. Ziloweke kwenye maji ya moto sana, fua, kisha anika juani dari ya juu mpaka zikauke kabisa. Pasi ya moto ni ya ziada, nayo husaidia. Usiegemee klorini, mayai haya huivumilia. Godoro na mkeka vitolewe juani saa kadhaa, upande huu na upande ule. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagiwa kavu, na kitambaa hicho kifuliwe papo hapo.

Kwa siku 14 hadi awamu ya pili, kila asubuhi mtoto aoge na kubadilisha chupi, na kila usiku alale na chupi inayobana kidogo chini ya nguo ya kulalia. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawadhisha mtoto na kabla ya kugusa chakula. Ukikosea asubuhi moja, endelea. Ukikosa awamu ya pili ndipo umeharibu. Shuka si lazima zifuliwe kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, kisha tena asubuhi inayofuata awamu ya pili.

Mwasho huweza kuendelea siku chache baada ya dozi ya kwanza, na mnyoo mmoja mmoja huweza kuonekana akitoka. Hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa. Mafuta ya mgando yakipakwa usiku hupunguza kuwashwa. Usimtie mtoto kitunguu saumu, chumvi wala mafuta ya taa kule nyuma. Vinachoma ngozi iliyochubuka, na minyoo iliyo ndani ya utumbo haiguswi.

Ukirudi

Mwasho ukirudi ndani ya wiki moja, mara nyingi ngozi bado haijapona. Ukirudi baada ya wiki nne hadi nane, ni mayai mapya yaliyomezwa, na hapo uliza: nani hakunywa? Je, mtoto anayelala kwa shangazi kila Alhamisi alihesabiwa? Dozi ya pili ilitolewa siku ya 15 au ilisahauliwa? Kidonge wanachopewa watoto shuleni katika zoezi la dawa za minyoo nacho ni albendazoli, lakini zoezi hilo limelengwa kwa chango, safura na mnyoo mjeledi. Hutolewa mara moja, na nyanya yuko nyumbani. Usikihesabu kama tiba ya hili.

Kama wote walikunywa mara mbili na bado mwasho umerudi, mwambie mwalimu wa shule au wa chuo kwa faragha, bila kutaja majina ya watoto wengine, kisha rudieni awamu zote mbili. Ikiwa ni mara ya tatu, nenda ukaonane na daktari, na upeleke selotepu ya asubuhi. Nenda mapema zaidi, bila kusubiri hesabu yoyote, ukiona damu, homa, maumivu makali ya tumbo upande wa kulia chini, mtoto anayekonda, au mtoto wa kike anayelia akikojoa.